Nilikuwa Nasalimia Viatu

Wasee, wacha nianze na githeri iliyomwagika, kwa sababu bila hiyo githeri nisingeandika hii kitu.

Ilikuwa Novemba, saa kumi na moja na dakika arobaini asubuhi, hapa Ruiru. Kama umewahi kutoka nje saa hiyo unajua hakuna jua. Huku karibu na ikweta jua huchomoza baada ya saa kumi na mbili mwaka mzima, na Novemba juu yake kuna mvua na mawingu. Mimi hukimbia kwa njia moja ya vumbi nyuma ya mtaa wetu, ile inayoanza pale lami inapoishia na kupita katikati ya mashamba ya kahawa. Ina upana wa kama mita tatu, na asubuhi inabeba kila mtu: sisi wa jogi, wazee wa kutembea walioambiwa na daktari wapunguze sukari, wasee wa baiskeli nyembamba na helmeti, fundi wa mjengo na Blakmamba yake, na wamama wanaoenda kuchuma kahawa. Kwa wale hawajui, upande huu msimu mkubwa wa kahawa ni Oktoba mpaka Disemba, kwa hivyo miezi hiyo njia inajaa mapema.

Mbele yangu alikuwa mama mmoja wa gambuti na leso kichwani, mkebe wa chakula ndani ya mfuko. Nilikuwa nimempita karibu kila asubuhi kwa wiki tatu. Nikamkaribia vile nilikuwa nimezoea, kimya, muziki masikioni. Raba zangu zilikuwa mpya na matope yanameza sauti. Nilipobakisha hatua mbili akashtuka, akageuka, akapiga nduru, mfuko ukaruka. Kifuniko kikatoka. Githeri yote ikaenda kwa matope.

Nilisimama hapo nikisema pole, pole sana mama, kama rekodi imekwama. Yeye aliinama akaokota mkebe, akaangalia ndani, akanyamaza. Nikamwambia nimtumie pesa ya lunchi kwa M-Pesa, anipe tu nambari. Akaniangalia kutoka juu mpaka chini. Nambari yake ampe nani? Mtu ametoka gizani nyuma yake? Hata kurudi nyumbani kupika ingine haingewezekana, kwa sababu kahawa hulipwa kwa debe, na ukichelewa kufika unapoteza madebe. Kabla aondoke akasema maneno ambayo bado yananikaa:

"Kila siku nakuona ukisalimia wale wenu wa raba. Mimi unanipita kama mti wa kahawa. Ungesema tu 'mama', ningejua ni mtu."

Halafu akaenda kazi bila chakula.

Sasa, reaksheni yangu ya kwanza ilikuwa kujitetea. Kichwani nilisema mimi husalimia watu, ata napenda salamu, wenye wananijua wanajua. Kesho yake nikatoa muziki masikioni nikaamua kuhesabu. Kutoka mahali lami inaishia mpaka nilipogeuka, na kurudi, nilikutana na watu thelathini na mmoja. Nilisalimiana na tisa. Wote tisa walikuwa na raba au helmeti. Fundi wa Blakmamba alinipita karibu sana hadi nikasikia harufu ya saruji kwa koti yake, na hatukuangaliana. Na mimi sikuwa nimepanga hivyo! Mkono wangu ulikuwa unajiinua wenyewe nikiona saa ya kukimbia na soksi fupi, na unabaki chini nikiona jembe.

Nafikiri najua ilitoka wapi. Mimi nimelelewa Thika, Makongeni. Pale asubuhi ni watu wengi wanaenda viwandani kwa miguu, shifti moja inaingia ingine inatoka, na hakuna mtu anasalimia mtu asiyemjua. Ukijaribu kusalimia kila mtu utafika kazini saa sita. Hivyo ndivyo ilivyo pia kwa njia ya miguu kando ya Thika Road. Kuna mwanasosholojia anaitwa Erving Goffman aliandika juu ya hii mambo mwaka wa 1963. Alisema watu wa mjini wanapopishana hufanya kitu cha adabu bila kujua: wanaangaliana kidogo, kuonyesha kwamba nimekuona, kisha wanaondoa macho, kuonyesha kwamba sina haja na wewe wala sikuogopi. Kwa steji iliyojaa, huko kunyamaza ndiyo heshima. Unampa mtu nafasi yake.

Lakini adabu ya steji haihami na wewe mpaka shambani. Kwa ile njia yangu naweza kukuonyesha mahali inabadilika: ni pale lami inaishia. Kwa lami, watu ishirini wako mbele yangu na hakuna anayeinua macho. Mita mia moja ndani ya kahawa, tukiwa wawili tu, kunyamaza kunakuwa na sauti. Mtu asiyesema kitu hapo anakufanya ujiulize anataka nini. Mimi nilikuwa nimechukua sheria ya Makongeni nikawawekea wale wanaoenda kazi, na sheria ya shambani nikawawekea wale wa jogi. Yaani nilikuwa natembea na sheria mbili kwa njia moja, na nilikuwa nachagua kwa viatu.

Basi nikaamua kusalimia wote. Rahisi, si ndiyo? Kumbe kusalimia mtu ukiwa unakimbia ni hesabu.

Chukua mtu anayetembea akija mbele yako. Yeye anaenda kama kilomita tano kwa saa, wewe kumi. Mnakaribiana kwa kilomita kumi na tano kwa saa, ambayo ni kama mita nne kila sekunde. Ukimwangalia usoni akiwa mita thelathini, una sekunde saba za kumwangalia kabla mfikiane. Sekunde saba ni nyingi! Hesabu polepole uone. Tabasamu linakauka usoni. Wiki ya kwanza nilikuwa naanza mapema sana, nasema "habari" nikiwa mbali, yeye hasikii, narudia, anasikia ile ya pili, anajibu nikiwa nimeshampita. Aibu tupu. Sasa hivi naangalia njia, kwanza kuna mashimo, na nikifika kama hatua tano au sita kutoka kwake ndiyo nainua macho, nasema, naondoa. Kitu chote kinaisha kwa sekunde moja na kidogo.

Na neno lenyewe lazima liwe fupi. "Habari ya asubuhi" ukiwa umepanda kilima haitoki. Inakatikia kwa "habari ya". Kwa hivyo wazee na wamama wanapata "Habari!", na wanajibu "Mzuri" wakiwa hawajakatiza mwendo. Rika langu wanapata "Niaje" au kiganja tu kimeinuliwa karibu na kiuno. Usimwambie mzee "niaje" saa kumi na mbili asubuhi, hiyo nilijaribu mara moja na sura niliyopewa ilitosha. Kikuyu sianzi nacho, ata kama ndicho nyumbani tunaongea, kwa sababu hii njia ina Wakamba, Waluhya, Wakisii, na sitaki mtu aanze siku akijiuliza kama salamu ilikuwa yake. Lakini akianza yeye na "wimwega", namjibu hivyo hivyo.

Wa baiskeli ni shughuli ingine. Yeye anakuja na kilomita ishirini na tano kwa saa, mimi na kumi, hizo mita thelathini zinaisha kwa sekunde tatu. Hawezi kutoa mkono kwa usukani kwa sababu vidole viko kwa breki na mbele kuna shimo. Kwa miezi nilidhani hawa watu wanaringa. Halafu nikaanza kuangalia vizuri: wengi hunyoosha vidole viwili bila kuachilia usukani, au wanashusha kidevu. Hiyo ndiyo salamu yao. Jumapili nikienda Thika kwetu nawaona wale wanaotoka Nairobi kwa vikundi, wamepangana mmoja nyuma ya mwingine, na ukitazama utaona wa mbele tu ndiye anayesalimia, kwa niaba ya wote. Wa nyuma macho yake yako kwa gurudumu lililo mbele yake, na ni vizuri yabaki hapo.

Hayo yote ni ya watu wanaokutana uso kwa uso. Kosa langu mimi lilikuwa la nyuma, na hapa ndiyo nataka mkae kidogo.

Ukimfikia mtu kutoka nyuma, wewe kumi, yeye tano, tofauti ni kilomita tano kwa saa tu. Yaani mita moja na nusu hivi kila sekunde. Kama alianza kukusikia ukiwa mita kumi nyuma, atasikia nyayo zikimkaribia kwa sekunde saba. Gizani. Ukiwa mwanamke unajua hizo sekunde, huhitaji nikueleze. Na kama hakukusikia kabisa kwa sababu ya matope, inakuwa vile ilikuwa siku ya githeri: anakugundua ukiwa tayari umefika. Njia zote mbili ni mbaya. Na kinachoniuma ni kwamba mimi huishi na hiyo hofu. Nikisikia mtu nyuma yangu natoa muziki, napunguza mwendo, nasonga kando apite nimwone. Nilijua vizuri kuogopa, lakini sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu anaweza kuniogopa mimi. Msichana wa kilo hamsini na tatu, nani atamwogopa? Lakini gizani hakuna anayekupima kilo. Gizani wewe ni nyayo.

Kwa hivyo sasa nafanya hivi. Nikiwa kama mita kumi na tano nyuma nasema kwa sauti ya kawaida, si ya kupiga kelele, "Habari mama, napita kulia." Sauti ya msichana ikishafika, mabega yake yanashuka, naona kabisa. Nahamia upande wa pili wa njia mapema, si dakika ya mwisho, ndiyo nisimpite kwa bega. Nikishapita sigeuki. Neno lazima lifike kabla ya miguu. Likifika pamoja na miguu halisaidii, ni kama kumgutusha mtu halafu umwambie habari.

Wanaume wenye mnasoma hii, kwenu ni mara mbili. Kama njia inaruhusu, vukeni upande wa pili mkiwa mbali, semeni, piteni, msiongeze kitu.

Na hapo najua kuna dada ameshaanza kuniuliza kwa kichwa: sasa unataka tusalimie kila mtu? Ata wale? Hapana. Kuna salamu inayopita na salamu inayosimama. Ile ya kupita, mtu anasema "habari" na mwendo wake haubadiliki. Alikuwa anaenda, bado anaenda. Ile ya kusimama, mtu anasema "sasa mrembo", na nduthi iliyokuwa na haraka ghafla inaanza kutembea polepole kando yako. Angalia mwendo wake, sio maneno. Maneno yanaweza kuwa matamu kabisa, ata "Mungu akubariki." Mtu akibadilisha mwendo wake ufanane na wako, anataka kitu kingine, na hapo salamu yake sio deni. Sijibu. Nageuka nirudi nilikotoka, kule kwenye watu, kwa sababu akitaka kunifuata lazima naye ageuze, na akigeuza watu wataona. Nikiambiwa naringa, sawa, naringa.

Hii habari ya nani aanze kusalimia nilipeleka kwa jirani yetu wa ploti, baba mmoja mtu wa Mombasa, Mwislamu, anapenda kuketi nje jioni na kahawa yake ya tangawizi. Nilidhani atacheka. Akaniambia kwao hiyo ilipangwa zamani, ni mafundisho ya Mtume Muhammad, na watoto hufunzwa madrasa: aliyepanda humsalimia anayetembea, anayetembea humsalimia aliyeketi, na wachache huwasalimia wengi. Nikamwuliza, na anayekimbia je? Akafikiria. Akasema, "Wewe unayekimbia ni kama umepanda. Yule wa chini hajui kama umekuja kwa wema, kwa hivyo wewe mwenye mbio ndiye umtoe wasiwasi."

Nililala nikifikiria hiyo. Mimi kila siku nilikuwa nangoja yule mama anisalimie kwanza, labda kwa sababu mimi ndiye nilikuwa "na shughuli". Kwa hesabu ya jirani ilikuwa kinyume: anayeenda kasi ndiye mwenye deni. Baiskeli inadaiwa na mimi. Mimi nadaiwa na mama wa gambuti. Yeye anadaiwa na mlinzi aliyeketi kwa geti la shamba, na kweli nilikuja kugundua huwa anamsalimia mlinzi kila siku, na mlinzi humwuliza mtoto anaendeleaje. Mimi huyo mlinzi nilikuwa nimempita mwaka mzima kama geti.

Turudi kwa mama. Kesho yake ya githeri nilibeba chapati nne na ndengu kwa mkebe. Hakuwa. Siku ya pili hakuwa. Nikaanza kuogopa labda amebadilisha njia kwa sababu yangu, ama aliugua, na hapo ndipo nikajua kitu cha ajabu: nilimjua mwendo wake, leso zake mbili, ile anainua bega la kushoto akitembea, lakini sikuwa na jina la kumwulizia. Mwaka wa 1972 mwanasaikolojia mmoja wa Amerika, Stanley Milgram, aliandika juu ya watu wa aina hii. Wanafunzi wake walipiga picha watu waliokuwa wakingoja treni asubuhi, kisha wakawaonyesha hao hao picha. Wengi walitambua sura za watu waliosimama nao kila siku kwa muda mrefu bila kuwahi kuongea. Aliwaita wageni uliowazoea.

Siku ya nne akatokea, mbele yangu, mgongo kwangu. Nikiwa bado mbali nikasema, "Habari mama, ni mimi yule wa jana ile." Yule wa jana ile! Ndivyo ilitoka. Akageuka polepole, bila kushtuka. Nikampa mkebe. Aliufungua, akanusa ndengu, akasema, "Umeweka chumvi kidogo," akaweka kwa mfuko. Ilikuwa ni mtoto aliyekuwa mgonjwa. Hakuniuliza jina na mimi sikumwuliza lake. Mkebe ulirudi siku iliyofuata, umeoshwa, na ndizi mbili ndani.

Kuanzia hapo tulikuwa tunasalimiana kila asubuhi, sekunde moja na kidogo, hakuna zaidi. "Habari mama, napita." "Pita." Mara ingine anaongeza, "Leo umechelewa." Fundi wa Blakmamba naye alianza kupiga kengele mara moja akiniona, ata kama hakuna haja. Si wote wamejibu. Kuna mzee mmoja wa fimbo nimemsalimia miezi miwili na hajawahi kufungua mdomo, na nimeamua hiyo ni haki yake. Nasema langu, naenda.

Disemba kahawa iliisha, na Januari njia ikarudi kuwa ya wa jogi na wagonjwa wa sukari. Nilimkosa yule mama, kusema ukweli. Gambuti zake ndizo zilikuwa saa yangu.

Kuna kitu kingine Milgram alisema: kadiri unavyokutana na hao wageni mbali na mahali penu pa kawaida, ndivyo inavyokuwa rahisi kuongea nao. Mnaweza kunyamaziana miaka mitano kwa steji, lakini mkikutana mji mwingine mnakumbatiana. Nilidhani ni maneno ya vitabu. Halafu Jumamosi moja ya Februari nilikuwa sokoni Thika, naangalia nyanya, nikasikia mtu amepiga nduru nyuma yangu. Nikaruka. Nyanya mbili zikaanguka. Ni yeye, bila gambuti, amevaa rinda, ameshika mtoto wa kama miaka sita mkono, anacheka mpaka ananishikilia bega.

"Umeona vile inakuwa?" akasema.

Tukasalimiana kama watu wa ukoo mmoja, mikono yote miwili, habari za nyumbani, habari za mbio, na bado hakuna anayejua jina la mwenzake. Mtoto alikuwa ananiangalia tu. Akavuta rinda la mamake akamwuliza, "Huyu ni nani?"

"Huyu," mama akasema, "ndiye alimwaga githeri."

Mtoto akaitikia kwa kichwa. Inaonekana alikuwa amesikia habari zangu.